Cheti cha hataza na cheti cha hakimiliki: kila kimoja kinakuthibitishia nini, na kinakoma wapi

Ukiviweka mezani kwa pamoja, vyeti hivi viwili vinafanana kama ndugu. Kila kimoja kina nembo ya ofisi ya serikali, nambari, jina la mwenye haki, tarehe na sahihi. Watu huvipiga laminesheni, wakavitundika karakana au studioni, wakaona yameisha. Kumbe kimoja kinazaa haki ambayo bila chenyewe isingekuwepo kabisa, na kingine kinaandika tu kwamba siku fulani mtu fulani alijitokeza akasema kazi hii ni yake. Asiyeijua tofauti hiyo huigundua siku anapoibiwa, na siku hiyo huwa amechelewa.

Nitazungumzia zaidi sheria ya Kenya, kwa sababu ndiyo ninayoifanyia kazi kila siku. Huko hataza hutolewa na KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwandani, chini ya sheria ya mwaka 2001. Hakimiliki husajiliwa na KECOBO, chini ya sheria nyingine ya mwaka huohuo. Tanzania Bara kazi hizo zimegawanywa kati ya BRELA na COSOTA, na Zanzibar ina ofisi zake yenyewe. Msingi ni uleule pande zote, ila usisahau kwamba hataza ya Bara haivuki bahari kwenda Unguja.

Haki inazaliwa wapi

Hakimiliki huanza pale unapoiweka kazi yako katika umbo linaloweza kushikika: umeandika mashairi kwenye daftari, umerekodi sauti kwenye simu, umehifadhi faili la mdundo. Huombi ruhusa kwa mtu. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unakataza nchi kuifanya haki ya mtunzi wa kigeni itegemee usajili wowote, na sheria ya Kenya inasema wazi kwamba kutosajili hakumzuii mtunzi kudai. Kwa hiyo msanii asiye na cheti ana haki ileile aliyo nayo mwenye cheti. Anachokosa ni karatasi moja ya ushahidi.

Hataza ni kinyume chake. Uvumbuzi wako, hata uwe wa ajabu namna gani, ukiuonyesha hadharani bila kuuombea hataza, kila fundi anaruhusiwa kuutengeneza. Haki inaletwa na ofisi, na ofisi haitoi kabla ya kukuchunguza. Mkaguzi wa KIPI hutafuta kama jambo hilo limewahi kutangazwa popote duniani, hupima kama fundi wa kawaida wa fani hiyo angelifikia bila taabu, kisha hutazama kama linaweza kutengenezwa viwandani. Baada ya kuwasilisha ombi una miaka 3 ya kuomba uchunguzi huo. Usipouomba, ombi linahesabiwa kuwa limeachwa, na wengi huangukia hapo wakidhani kwamba risiti ya kuwasilisha ndiyo hataza.

Ofisi ya hakimiliki haifanyi uchunguzi wa aina hiyo. Unafungua akaunti, unajaza jina la kazi, aina yake, mtunzi na mwenye haki, unapakia nakala, kisha cheti kinatoka. Hakuna anayekaa kusikiliza wimbo wako akiulinganisha na nyimbo zote za Afrika Mashariki. Hiyo si dosari ya ofisi, maana kazi hiyo haiwezekani. Ila ina maana kwamba cheti kinathibitisha ulichokiandika kwenye fomu, wala hakithibitishi kwamba ulichokiandika ni kweli.

| | Hataza | Hakimiliki |
|---|---|---|
| Haki inatokana na | kutolewa na ofisi | kuumba kazi yenyewe |
| Ofisi imechunguza nini | upya, hatua ya uvumbuzi, matumizi | fomu na nakala tu |
| Kinacholindwa | madai yaliyoandikwa | namna ulivyoeleza wazo |
| Muda (Kenya) | miaka 20 tangu kuwasilisha | maisha ya mtunzi na miaka 50 |
| Kuidumisha | ada ya kila mwaka | hakuna |

Fundi wa mashine ya nazi

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini unaofanana na mambo yanayoletwa ofisini kila mara. Fundi wa Kilifi ametengeneza mashine ya kukuna nazi inayoendeshwa na mota. Jipya lake ni hili: kichwa chenye meno kikifika kwenye kifuu, springi inakirudisha nyuma, hivyo tui halichafuki kwa vumbi la kifuu. Amechora michoro mizuri, ameandika kijitabu cha maelezo, na rafiki yake amemshauri akate cheti cha hakimiliki kwa kuwa ni rahisi na kinatoka upesi. Anakipata. Cheti kimeandikwa jina la mashine kwa herufi kubwa, naye anaamini mashine ni yake.

Alichokilinda ni michoro na kijitabu. Mtu akipiga kopi kile kijitabu na kukiuza, fundi wetu ana kesi nzuri. Lakini jirani akinunua mashine moja, akaifungua, akaelewa jinsi springi inavyofanya kazi, kisha akajenga yake kwa vyuma vyake na michoro yake, cheti hakimgusi. Hakimiliki hailindi wazo, utaratibu wala namna kitu kinavyofanya kazi. Mwaka 2012 Faulu Kenya ilijaribu njia hiyo mahakamani dhidi ya Safaricom, ikidai kwamba M-Shwari ilitokana na mpango wake wa kukopesha watu kupitia simu. Mahakama Kuu ilikataa kutoa zuio. Kampuni kubwa yenye mawakili iligonga ukuta huohuo ambao fundi wa Kilifi ataugonga.

Sasa tuseme amekwenda kuomba hataza. Hapa ndipo ninapowaomba watu waache kusoma jina la uvumbuzi na wasome madai. Jina lililoandikwa kwenye cheti, "Mashine ya kukunia nazi", halina nguvu yoyote. Nguvu iko kwenye kurasa za nyuma, katika sentensi zilizopewa namba. Dai la kwanza la fundi wetu linaweza kuandikwa hivi:

"Mashine ya kukunia nazi yenye mota, kichwa chenye meno kinachozungushwa na mota hiyo, na springi ya chuma iliyofungwa nyuma ya kichwa ili kukirudisha kinapogusa kifuu."

Limekaa vizuri, siyo? Mshindani anatoa springi ya chuma, anaweka kipande cha mpira wa tairi kinachofanya kazi ileile. Wakili wake atasimama aseme: dai linataka springi ya chuma, sisi hatuna springi wala chuma. Mwenye hataza atalazimika kubishana kwamba mpira ni sawa na springi, na mabishano hayo ni ghali. Dai lingeandikwa "kifaa chenye mnyumbuko", mpira ungeingia ndani. Lakini ukilipanua dai kupita kiasi, mkaguzi atakuletea mashine ya zamani ya kumenya mahindi yenye kitu kama hicho, nalo dai lote litaanguka. Kuandika madai ni kazi ya kutafuta mpaka ulio mpana kadiri iwezekanavyo bila kukanyaga kilichokuwepo. Mtu akija kwangu na hataza aliyojiandikia mwenyewe ili kuokoa fedha, mara nyingi ninakuta dai linaloeleza mashine yake hadi ukubwa wa bolti. Hataza ya namna hiyo inamzuia yule tu atakayenakili hadi bolti.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wavumbuzi: hataza haikupi ruhusa ya kutengeneza. Inakupa haki ya kuwazuia wengine. Kama kichwa chenye meno kimo ndani ya hataza ya mtu mwingine ambayo bado iko hai, fundi wetu anaweza kuwa na hataza halali ya springi na bado akashtakiwa akiunda mashine nzima. Nayo haimwondolei kibali cha viwango, leseni ya biashara wala kitu kingine chochote ambacho serikali inakitaka.

Halafu kuna suala la kuonyesha. Fundi akipeleka mashine kwenye maonyesho ya kilimo Mombasa au akaweka video mtandaoni kabla ya kuwasilisha ombi, amejitangazia mwenyewe uvumbuzi wake. Sheria ya Kenya inamsamehe mvumbuzi aliyejitangaza kama atawasilisha ombi ndani ya miezi 12. Ofisi ya hataza ya Ulaya haina msamaha wa jumla wa aina hiyo, kwa hiyo video ile ya dakika moja imekwisha kumfungia soko hilo. Kwa mwanamuziki mambo ni tofauti kabisa: kuutoa wimbo hadharani hakupunguzi haki yake, na mara nyingi tarehe ya kuutoa ndiyo ushahidi wake mzuri kuliko wote.

Hataza iliyokwenda mahakamani

Anayetaka kujua cheti cha hataza kina uzito gani mbele ya majaji, aangalie kesi ya Sanitam Services dhidi ya Rentokil Kenya. Sanitam ilikuwa na hataza kutoka ARIPO, shirika la mali ya ubunifu lenye makao yake Harare, kwa ajili ya pipa la taka za usafi wa wanawake linalofunguliwa kwa mguu. Iliposhtaki, ilishindwa Mahakama Kuu. Ilikata rufaa, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikaipa ushindi. Hata baada ya hapo Sanitam ilirudi mahakamani dhidi ya kampuni nyingine zilizokuwa na mapipa ya aina hiyo.

Mimi ninajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, cheti hakikumzuia mtu yeyote. Kilimpa mwenyewe tiketi ya kuingia mahakamani, na safari ikachukua miaka. Hakuna afisa wa KIPI anayezunguka Gikomba kutafuta waigaji wako. La pili, ofisi kutoa hataza si neno la mwisho, kwa sababu anayeshtakiwa anaweza kujitetea kwamba hataza haikupaswa kutolewa tangu mwanzo, akaleta katalogi la zamani au bidhaa iliyouzwa kabla ya tarehe ya ombi. Uchunguzi wa ofisi unakupa mwanzo mzuri, basi. Hata hivyo ni mwanzo mzuri mara nyingi kuliko wa mwenye hakimiliki, maana yeye hana uchunguzi wowote wa kuegemea.

Mwanamuziki na haki tatu ndani ya wimbo mmoja

Upande wa muziki, tatizo haliko sana kwenye nguvu ya cheti. Liko kwenye swali ambalo fomu inauliza na msanii analijibu haraka haraka: unasajili nini hasa? Wimbo mmoja uliotoka studio una angalau haki tatu. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Kuna sauti iliyorekodiwa, lile faili linalochezwa redioni. Na kuna haki ya waliotumbuiza, akiwemo yule mpiga gita aliyelipwa nauli na chakula.

Sheria ya Kenya inasema mtunzi wa sauti iliyorekodiwa ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Soma tena. Siyo aliyeimba. Kama studio ndiyo iliyogharimia na kupanga kila kitu, studio ina hoja kwamba rekodi ni yake, hata kama mashairi ni yako na cheti chenye jina lako kiko mfukoni. Aidha, kazi iliyoagizwa na kulipiwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Na ukitaka kumhamishia mtu haki, maneno ya mdomoni hayatoshi: lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi.

Tuone jinsi inavyokwenda. Mwimbaji wa Malindi analipa nusu ya gharama ya studio Mtwapa, prodyuza anaacha nusu nyingine kwa ahadi kwamba "tutagawana." Wimbo unatoka Machi. Oktoba unaanza kuvuma, mwimbaji anakata cheti, anajaza jina lake peke yake kama mtunzi na mwenye haki ya kila kitu. Mwaka unaofuata kampuni ya viwanja inautumia kwenye tangazo, naye anadai. Wakili wa kampuni anatoa karatasi: wameununua kutoka kwa prodyuza. Hapo cheti kinaweka jina la mwimbaji mezani na kumtaka mwingine ajibu. Huo ni msaada wa kweli, maana mahakama huanza kwa kuamini kilicho kwenye rejista mpaka kipingwe. Lakini prodyuza anakipinga kwa mafaili ya mradi yenye tarehe za Februari, stakabadhi za vifaa, na ujumbe wa Watsap ambao mwimbaji mwenyewe aliandika "beat yako kali, tutagawana nusu kwa nusu." Cheti cha Oktoba hakiwezi kuufuta ujumbe wa Februari.

Karatasi ambayo ingemwokoa mwimbaji haitolewi na serikali. Ni ukurasa mmoja wa mgao, uliosainiwa siku ya kurekodi, unaosema maneno ni ya nani, melodia ya nani, mdundo wa nani, rekodi ya nani na kila mmoja anachukua asilimia ngapi. Ukiwa nao, cheti kinakuwa na kitu cha kukisimamisha.

Kwamba rekodi na utunzi ni vitu viwili, historia yetu inao mfano ambao kila mtu anauimba. Fadhili William ndiye anayejulikana kwa kuurekodi wimbo wa Malaika, na kwa miaka mingi jina lake ndilo lililohusishwa na utunzi wake. Adam Salim wa Tanzania naye alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Ubishi huo haukumalizwa na karatasi, kwa sababu aliyekuwa na rekodi hakuhitaji kuwa mtunzi ili awe na rekodi.

Jambo jingine ambalo cheti cha hakimiliki hakifanyi: hakikuletei mirabaha. Fedha za redio, hoteli na matatu hupitia vyama vya kukusanya mirabaha, na huko unajiunga na kuorodhesha nyimbo zako upya. Nimeona wasanii wakingoja hundi miaka kwa sababu wana cheti. Mtandaoni, hata hivyo, cheti kinasaidia kwa vitendo. Sheria ya Kenya tangu mwaka 2019 inakuruhusu kumwandikia mtoa huduma za mtandao notisi ya kuondoa kazi iliyoibiwa, naye anapewa saa 48 za kazi. Notisi yenye nambari ya usajili na nakala iliyohifadhiwa rejistani ni ngumu kupuuzwa kuliko malalamiko matupu.

Ukiwa unachagua

Jiulize unaogopa nini. Ukiogopa mtu asitumie namna kifaa chako kinavyofanya kazi, hakimiliki haitakusaidia hata kidogo. Nenda kwenye hataza, au kama ubunifu wako ni marekebisho madogo ya kitu kilichokuwepo, uliza kuhusu yutiliti modeli, ambayo Kenya hudumu miaka 10 na haidai hatua kubwa ya uvumbuzi. Kwa springi ya nazi mimi ningeanzia huko. Ukiogopa mtu asinakili wimbo, maandishi, picha au msimbo wa programu, haki unayo tayari. Sajili kwa sababu ya tarehe na nakala, na usajili mapema, kabla wimbo haujavuma. Ukiogopa mtu asitumie jina lako la usanii au la mashine, hakuna kati ya vyeti hivi viwili kinachokuhusu: hiyo ni alama ya biashara.

Tazama pia mahali. Hakuna hataza ya dunia nzima, hata kama wakala mmoja wa mtandaoni amekuahidi. Hataza ya KIPI inaishia Namanga. Ukipitia ARIPO unaorodhesha nchi unazozitaka, na nchi usiyoiorodhesha haimo. Ukianzia Kenya una miezi 12 ya kuwasilisha kwingine ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Muda huo ukipita, ombi lako la nje litahesabiwa kwa tarehe mpya, na kila kilichotangazwa katikati, pamoja na video zako, kinaweza kuliangusha. Hakimiliki inavuka mipaka yenyewe kwa njia ya mkataba wa Berne, ingawa mahakama ya kila nchi inatumia sheria yake.

Mwisho kuna wale wanaotaka kununua haki kutoka kwa mtu, mfano mwekezaji anayeonyeshwa cheti cha hataza chenye tarehe ya miaka 9 iliyopita. Usikubali cheti peke yake. Hataza inaishi kwa ada ya kila mwaka. Isipolipwa, kuna miezi 6 ya kulipa pamoja na faini, kisha hataza inakufa, na karatasi inabaki inang'aa vilevile ukutani. Chukua nambari, uende ofisini uombe upekuzi wa rejista: ada ya mwisho imelipwa lini, mwenye haki aliyeandikwa leo ni nani, kuna leseni au deni lililoandikishwa juu yake. Kisha omba nakala ya madai kama yalivyokubaliwa, siyo kama yalivyowasilishwa, kwa sababu mkaguzi huwa ameyapunguza. Kwa wimbo, omba mkataba wa studio na ukurasa wa mgao, ndipo utazame cheti.